Panya Watatu na Maaskofu Watatu



Katika ukurasa huu tunataka kusahihisha jambo ambalo sisi wenyewe tulilifundisha. Linahusu wimbo mdogo wa watoto, na huenda wengine watasema wimbo wa watoto si kitu cha kujadiliwa na watu wazima. Lakini mtoto mmoja wa Shule ya Jumapili alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu, na tulipokwenda kutafuta jibu tuliona ya kuwa kosa lilikuwa letu.

Wengi wenu mnaujua wimbo wa panya watatu vipofu. Watoto wetu hapa Bariadi wanajifunza katika shule za awali zinazofundisha kwa Kiingereza, na jioni utawasikia wakiuimba uani huku wakikimbizana. Panya watatu wanamkimbilia mke wa mkulima, naye anawakata mikia kwa kisu. Ndiyo habari yote. Kwetu ambao panya huingia ghalani na kumaliza choroko na mtama, hakuna anayewalilia sana panya hao.

Sasa, siku ya tarehe 16 Oktoba Kanisa letu huwakumbuka maaskofu Hugh Latimer na Nicholas Ridley, waliochomwa moto huko Oxford mwaka 1555. Katika kuwafundisha watoto habari hiyo, tuliwaambia jambo tulilokuwa tumelisikia zamani, nalo husemwa na watu wengi. Tuliwaambia ya kwamba wimbo wa panya una siri. Panya watatu, tulisema, ni Latimer, Ridley na Askofu Mkuu Thomas Cranmer. Upofu wao ni imani yao ya Kiprotestanti, ambayo adui zao waliiita upofu. Mke wa mkulima ni Malkia Mary wa Kwanza, aliyetawala Uingereza toka 1553 hata 1558, na mumewe Filipo wa Hispania ndiye mkulima mwenye mashamba mengi. Kisu ni hukumu ya kifo. Watoto walifurahi sana kupewa siri, nasi tulifurahi kuona wanasikiliza.

Jumapili iliyofuata msichana mmoja wa miaka kama minane akauliza: "Mwalimu, kama panya ni maaskofu, mbona tunapoimba tunacheka?"

Tulinyamaza. Maana ama wimbo ule ulikuwa ni dhihaka juu ya watu waliochomwa wakiwa hai, na hatukupaswa kuuimba kabisa, ama tuliyoyasema hayakuwa kweli, na tulikuwa tumewatumia mashahidi wa imani kama kiungo cha kukoleza somo. Mama mmoja, aliposikia, alimkataza mwanawe asiuimbe tena hata shuleni, na mwalimu wa huko akataka kujua sababu. Hivyo neno letu lilikwisha toka nje ya kanisa na kuleta ugomvi.

Basi tuliamua kuichunguza habari hii kama mzee wa baraza anavyochunguza shauri. Mzee wa namna hiyo hauulizi moyo wake kama habari inapendeza. Huuliza maneno haya: Jambo hili lilisemwa mara ya kwanza lini? Maneno ya mwanzo yalikuwaje? Na huyu anayetufasiria maana yake, alikuwako, au alizaliwa baadaye?

Tuanze na swali la kwanza. Maandishi ya zamani kabisa ya wimbo wa panya tunayoyajua yamo katika kitabu cha nyimbo kiitwacho Deuteromelia, kilichotolewa na Thomas Ravenscroft huko London mwaka 1609. Hakikuwa kitabu cha watoto. Kilikuwa cha watu wazima waliopenda kuimba kwa kupokezana, mmoja anaanza, wa pili anaingia nyuma yake, na wa tatu nyuma ya huyo. Malkia Mary alikuwa amekufa miaka 51 kabla ya kitabu hicho. Hilo peke yake halitoshi kuivunja habari, kwa kuwa wimbo waweza kuimbwa miaka mingi kabla ya kuandikwa. Sisi Wasukuma twalijua hilo vema.

Lakini swali la pili ndilo lililotushtua. Katika maneno ya mwaka 1609 panya watatu vipofu wamo, lakini mke wa mkulima hayumo! Yumo mwanamke aitwaye Julian, yumo msaga nafaka na mkewe mzee mwenye furaha, na kuna habari ya kukwangua matumbo ya mnyama ya kupika na kulamba kisu. Hakuna anayekimbizwa, wala hakuna mkia unaokatwa. Ni wimbo wa jikoni, wa kuchekesha watu wanaokunywa. Maneno tunayoyajua leo yaliingia katika vitabu vya watoto mwaka 1842, katika mkusanyo wa James Orchard Halliwell, miaka karibu 290 baada ya moto wa Oxford.

Tafadhali msomaji lione jambo hili. Fasiri yetu yote ilisimama juu ya mambo mawili, yaani mwanamke mkatili na kisu chake kinachokata mikia. Mambo hayo mawili ndiyo hasa yaliyokosekana katika wimbo wa kwanza. Ni kama mtu aseme, "Nyumba hii ilijengwa na babu yangu, tazama bati lake," na kumbe bati liliezekwa mwaka jana.

Tukauliza tena: kama wimbo ungekuwa wa siri, siri hiyo ilikuwa ya kumficha nani? Watu huficha maneno katika wimbo wanapoogopa. Mary alipokufa mwaka 1558, dada yake Elizabeth alitawala miaka 44, na wakati huo Mprotestanti hakuwa na haja ya kumwita Latimer panya. Mwaka 1563 John Foxe alitoa kitabu kikubwa kilichojaa habari za waliouawa, barua zao, maswali waliyoulizwa na maneno waliyoyasema motoni, pamoja na michoro. Kitabu kile kilisambazwa sana. Habari ya panya haimo. Na ilipofika mwaka 1609, kumtukana Malkia Mary huko Uingereza hakukumhatarisha mtu yeyote.

Tena mambo yenyewe hayalingani. Maaskofu wale hawakupofushwa, wala hawakukatwa kitu kwa kisu, walichomwa. Wala hawakufa watatu pamoja. Latimer na Ridley walifungwa kwenye nguzo moja tarehe 16 Oktoba 1555. Cranmer alibaki kifungoni miezi mitano zaidi, akaandika kwa mkono wake kwamba anaikana imani yake. Ndipo tarehe 21 Machi 1556, alipotakiwa kukiri hayo mbele ya watu wote, akayakana yale aliyoyaandika, na motoni akautanguliza mkono wa kulia uungue kwanza, kwa kuwa ndio ulioandika.

Tunapokumbuka hayo tunaona aibu. Hapa kuna mzee aliyeogopa, akaanguka, akainuka, na kuuadhibu mkono wake mwenyewe. Yeye ndiye aliyeshughulika zaidi kuliko mtu mwingine kukitunga Kitabu cha Sala cha 1549 na cha 1552, ambacho sala zetu zimetoka humo. Nasi tulikuwa tumemwacha mtu huyu, tukawapa watoto panya. Kweli ilikuwa na uzito kuliko hadithi, na sisi tulichagua hadithi kwa sababu ilikuwa tamu.

Hadithi za namna hii zilitoka wapi basi? Kwa sehemu kubwa zilitoka kwa watu wa majuzi, wenye akili nyingi ya kubahatisha. Mwaka 1930 mwandishi Katherine Elwes Thomas alitoa kitabu ambacho aliwashika wahusika wa nyimbo za watoto mmoja mmoja na kuwafunga na wafalme, malkia na wakuu wa Uingereza. Mwaka 1951 mtu na mkewe, Peter na Iona Opie, walitoa kamusi ya nyimbo hizo baada ya kuzifuatilia katika maandishi ya zamani, wimbo kwa wimbo. Walionyesha kwamba fasiri nyingi za aina hiyo hazina ushahidi wo wote unaotoka katika wakati wenyewe. Hata hivyo watu waliendelea kuzipenda fasiri, maana kila mtu hupenda kuambiwa siri.

Je, tuseme basi ya kuwa hakuna wimbo wa watoto wenye mtu wa kweli ndani yake? Hapana, huko nako ni kukimbilia upande wa pili. Ule wimbo wa Mary na mwana-kondoo wake aliyemfuata shuleni uliandikwa na Sarah Josepha Hale na kuchapwa mwaka 1830 huko Amerika, na yuko Mary Sawyer, mwanamke wa Massachusetts, aliyesema katika uzee wake kwamba ndiye yeye. Habari yake haina damu wala moto, na pengine ndiyo maana hakuna anayejisumbua kuieneza.

Kuna na habari ya katikati, nayo inatuchoma sisi Waanglikana. Ni ile ya Jack Horner mdogo, aliyeketi pembeni akila mkate wa Krismasi, akaingiza kidole gumba na kutoa tunda, kisha akajisifu. Husemwa kwamba Horner alikuwa mtumishi wa Abati Richard Whiting wa monasteri ya Glastonbury, wakati Mfalme Henry wa Nane alipokuwa akizifunga monasteri na kuchukua mashamba yake. Abati, husemwa, alimtuma kwa mfalme na mkate ambao ndani yake zilifichwa hati za mashamba kumi na mawili, ili kumtuliza. Njiani Horner akaufungua na kujitolea hati moja, ya Mells.

Tukaipima kwa kipimo kile kile. Abati Whiting ni mtu wa kweli. Alikuwa mzee sana, naye alitundikwa juu ya kilima cha Glastonbury tarehe 15 Novemba 1539 pamoja na watawa wawili. Mells ilikuwa kweli ya monasteri hiyo, na ni kweli kwamba ukoo wa Horner uliipata baadaye na kukaa huko vizazi vingi. Lakini wazao wao wameshikilia siku zote kwamba mzee wao aliinunua kwa fedha, kama wengine wengi walivyonunua mali za monasteri wakati ule. Na Jack wa wimbo anatajwa katika maandishi mara ya kwanza mwaka 1725, miaka 186 baada ya abati kufa. Hakuna kinachomfunga Jack na Horner wa Mells isipokuwa jina, na hilo ni jina la kawaida. Kwa hiyo uuaji ni wa kweli, mashamba ni ya kweli, ila mkate hauna shahidi.

Tazameni tofauti. Hadithi ya panya ilitupendeza upesi, kwa kuwa ndani yake waliouawa ni wa upande wetu. Hadithi ya Horner hatukuifundisha kamwe, ingawa ina ukweli mwingi zaidi, kwa kuwa ndani yake aliyetundikwa ni abati, na aliyemtundika ni mfalme yule aliyelitenga Kanisa la Uingereza na Roma. Hatukuchagua kwa ushahidi. Tulichagua kwa ukoo. Hili ndilo tunaloliona kuwa dhambi hasa katika jambo hili, maana amri ya tisa haikusema kwamba ushuhuda wa uongo unaruhusiwa ukiwa juu ya marehemu, wala ukiwa juu ya malkia aliyetenda maovu. Mary aliwachoma watu kama 280. Maovu yake ya kweli yanatosha, hatuna ruhusa ya kumwongezea kisu.

Mzee mmoja wa usharika wetu, tulipomweleza haya, alicheka akasema, "Na Shing'weng'we wetu je? Wajukuu wangu wameambiwa kwamba ni Mwarabu wa utumwa." Tukaona ni haki kujipima na sisi, tusije tukawa wakali kwa hadithi za Wazungu tu.

Kila Msukuma amelala akisikia habari ya Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na mifugo yao. Alisalia mwanamke mmoja mja mzito, akajificha, akamzaa Masala Kulangwa. Kijana akakua, akauliza watu wako wapi, akaenda kumtafuta aliyewameza. Aliua panzi, akamletea mama yake akiuliza kama ndiye. Akaua ndege, akaua mnyama, na kila mara mama alisema siye. Mwisho alilipata zimwi lenyewe, akaliua na kulipasua, watu wakatoka. Ila katika kupasua alimkata sikio kikongwe mmoja, naye badala ya kushukuru akamkasirikia.

Fasiri ya utumwa ina mvuto. Karne ya kumi na tisa misafara ya pwani ilipita katika nchi ya Unyamwezi na kufika hata huku ziwani, na watu walichukuliwa wasirudi. Lakini sikilizeni. Huko Lesotho mmisionari Mfaransa Eugène Casalis aliandika, katika kitabu chake cha mwaka 1859, habari ya zimwi Kammapa lililomeza watu wote isipokuwa mwanamke mmoja, ambaye alimzaa mtoto, naye akaliua na kuwatoa watu tumboni. Na Henry Callaway, mmisionari wa Kianglikana ambaye baadaye alikuwa askofu, aliandika mwaka 1868 hadithi za Wazulu, na humo limo zimwi linalomeza watu wengi, likauawa na watu wakatoka wazima. Misafara ya Unguja haikufika Lesotho. Hadithi iliyoenea kutoka ziwa letu mpaka kusini mwa Afrika haikuzaliwa na wafanya biashara waliopita kwetu katika karne moja. Ni kongwe kuliko wao.

Je, ni kosa basi kumwita mtekaji wa watu Shing'weng'we? La. Aliyenyang'anywa mwanawe na msafara, akasema "zimwi limemmeza," hakusema uongo. Alichukua hadithi ya zamani akaisemesha msiba wake mpya. Hata wahubiri hapa Usukumani wamemlinganisha Masala Kulangwa na Bwana wetu aliyewatoa watu katika kinywa cha mauti, na huo ni mfano mwema. Tofauti ni hii: hadithi kutumika kwa jambo ni kitu kimoja, na hadithi kuzaliwa na jambo ni kitu kingine. Anayesema "ni kama" anafundisha. Anayesema "ilianzia hapo" anatoa ushahidi, naye lazima awe na shahidi.

Tena nyimbo zinazomsema mtu wa kweli tunazijua sisi. Bagika na Bagalu, wafuasi wa Ngika na wa Gumha, wamepigana kwa nyimbo vizazi vingi, na katika mashindano ya ngoma baada ya mavuno mtunzi humsema mpinzani wake wazi wazi. Lakini katika nyimbo hizo hakuna haja ya mtu kuja miaka mia tatu baadaye kutufunulia nani alisemwa. Watu wa uwanjani walijua siku ile ile, na aliyesemwa alijua kuliko wote! Wimbo wa kumchoma mtu ambao hakuna aliyeusikia ukichoma, una mashaka.

Basi tumewaeleza watoto. Tuliwaambia ya kwamba tulikosea, kwamba panya ni panya, na wanaweza kuimba na kucheka bila hofu. Yule mama tumemwendea nyumbani, naye amekubali. Kisha tuliwasimulia habari ya Cranmer na mkono wake, pasipo wimbo wala mafumbo. Watoto hawakucheka. Yule msichana aliyetuuliza aliutazama mkono wake wa kulia kwa muda, halafu akauliza kama mzee yule alilia. Tulimjibu kwamba walioandika wanasema aliushikilia mkono motoni, na kwamba alikuwa amelia kabla ya hapo, kanisani, kwa ajili ya yale aliyoyaandika.